Fundo kifuani: uzi unapoishia katikati ya raundi

Sweta lenyewe lilikuwa la shule, bluu iliyokolea, la mtoto wa darasa la kwanza huko Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba mtoto hatoki asubuhi bila sweta. Fundi alilifuma kwa mkono, mviringo, kwa sindano yenye waya ya milimita 4. Uzi ulikuwa wa akriliki wa unene wa kati, ule wa nyuzi nne zilizosokotwa pamoja. Kifua kilikuwa na sentimita 68, na kwa ufumaji wake wa vitanzi 22 kila sentimita 10, raundi moja ilikuwa na vitanzi 150: 75 mbele na 75 nyuma. Kazi ilikuwa safi, kola imekaa, mikono imelingana.

Baada ya kufuliwa mara mbili au tatu mama wa mtoto alilirudisha. "Dada, hebu tazama hapa. Kuna kitu kimevimba, na pembeni yake pameachia." Palikuwa katikati kabisa ya kifua, sehemu ambayo jicho la mtu hufika kwanza. Kichuguu kidogo cha ukubwa wa punje ya mtama kilikuwa kimechomoza upande wa mbele, na kando yake tundu la kupitisha kichwa cha kiberiti. Ncha moja ya uzi ilikuwa imejitokeza nje.

Fundi alijua mara moja ni nini. Alipokuwa akifuma, bonge la uzi lilikuja na fundo la kiwandani ndani yake. Uzi ukikatika kiwandani huungwa na kazi ikaendelea, na mara nyingine kiungo hicho ni fundo la kawaida tu linaloviringishwa ndani ya bonge. Yeye aliona limefungwa vizuri, akalikaza zaidi, akapunguza ncha karibu na fundo ili zisionekane, akaendelea kufuma. Kwa kuwa anafuma mviringo, upande wa mbele ndio unaomtazama muda wote. Fundo alilisukuma nyuma kwa kidole na hakuliona tena.

Wengi tukisikia habari ya fundo tunadhani tatizo ni kwamba litafunguka. Hilo lipo, hasa kwa akriliki, maana uzi wake unateleza na fundo lililokatwa ncha fupi halina cha kushikilia. Lakini hata fundo lisilofunguka kamwe ni kiungo kibaya katikati ya ufumaji laini, na sababu yake ni ya umbo. Kila kitanzi kwenye uzi huu kinakula karibu sentimita moja na nusu ya uzi, na vitanzi vilivyo jirani vinaazimana: ukivuta nguo, uzi unahama kidogo kutoka kitanzi hiki kwenda kile, kisha unarudi. Ndiyo maana sweta linanyumbulika. Fundo halipiti. Linakwama kwenye shingo ya kitanzi kimoja, na uzi unaotaka kuhama unaishia hapo. Upande mmoja vitanzi vinabanwa, upande wa pili vinabaki vimelegea, na huko kwenye ulegevu ndiko tundu linakozaliwa. Nguo ikilowa na kukamuliwa, vitanzi vinafunguka kwa muda, fundo linasukumwa na kupita kwenye kitanzi hadi mbele, kisha nguo ikikauka vitanzi vinajifunga nyuma yake. Ukilisukuma lirudi nyuma kwa kidole litarudi, na ukifua tena litatoka tena.

Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili ya kuamua: kulitengeneza sweta hili bila kulifumua, na kujua kiungo kipi kingestahili kuwekwa pale tangu mwanzo.

Kulifumua kulikuwa na maana ya kufungua kola na kushuka hadi kifuani, kazi ya siku nzima. Haikuwa lazima. Katika ufumaji wa kawaida, ambao mbele unaonyesha herufi V zilizopangana na nyuma vituta vya mlalo, unaweza kupitisha uzi mpya juu ya njia ileile ya uzi wa zamani, kisha ukauondoa wa zamani chini yake. Vitanzi havidondoki hata sekunde moja kwa sababu muda wote kuna uzi unaovishikilia.

Alikata uzi wa sentimita 45 kutoka kwenye mabaki ya bonge lilelile, akautunga kwenye sindano butu ya tundu kubwa. Ubutu si jambo la hiari hapa. Sindano yenye ncha kali itachoma katikati ya uzi wa zamani, na ukishauchoma umeufunga: utakapotaka kuuchomoa hautatoka. Kisha aliweka pini mbili, moja vitanzi vinne kulia kwa fundo na nyingine vitanzi vinne kushoto, zote kwenye mstari uleule. Kosa jepesi ni kupanda mstari wa juu bila kujua, hasa kwa uzi wa rangi ya giza. Alitandaza kitambaa cheupe ndani ya sweta ili mistari ionekane.

Njia ya sindano ni hii. Toka nyuma kuja mbele pale chini kabisa kwenye mguu wa V ya kwanza. Pita nyuma ya miguu miwili ya V iliyo juu yake, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kugusa uzi wenyewe. Rudi chini, uingie kwenye tundu lilelile ulilotokea. Hapo uzi mpya umelala juu ya kitanzi cha zamani kama pacha wake. Sogea kwenye V inayofuata. Alifanya hivyo kwa vitanzi vinane, akiacha ncha ya sentimita 15 au zaidi kidogo nyuma, mwanzoni na mwishoni. Mkono usivute. Uzi mpya uwe na urefu ule wa vitanzi vya jirani, na kipimo chake ni macho: V ya juu na V ya pembeni ziwe sawa na hiyo unayoichora. Mahali penye tundu alilegeza kidogo mwanzo, halafu akagawa ule ulegevu kwa vitanzi vya pembeni kwa ncha ya sindano, kimoja baada ya kingine.

Ndipo akageuza sweta, akalikata fundo lenyewe, na kuanza kuutoa uzi wa zamani. Hauvutwi kwa mkupuo. Unatumia ncha ya sindano kuinua kitanzi kimoja, unakitoa, unakwenda kinachofuata, ukielekea mbali na fundo. Vitanzi vinne upande huu, vinne upande ule. Kwa kuwa kila kitanzi kilikuwa kimekula sentimita moja na nusu hivi, ncha mbili ambazo mwanzo zilikuwa zimekatwa karibu na fundo sasa zikawa na sentimita 5 na kitu kila moja. Sweta likabaki na vitanzi vinane vilivyofumwa kwa uzi mpya peke yake, bila uvimbe, na ncha nne nyuma zikisubiri kufichwa.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Palipo na kiungo pana ncha mbili zinazotazamana: moja ya uzi ulioishia, nyingine ya uzi unaoanza. Ukiifukia kila moja upande wake, yaani uzi wa zamani urudi kwenye eneo la zamani na mpya urudi kwenye eneo la mpya, unavuta kingo mbili zitengane na tundu linajitokeza palepale. Inatakiwa zipishane. Ncha ya uzi wa zamani iende juu ya eneo la uzi mpya, ncha ya uzi mpya iende juu ya eneo la zamani, na pale zinapopishana zivutwe kwa upole mpaka kitanzi cha mpakani kilingane na wenzake. Hicho ndicho kinachoziba tundu, na hakihitaji fundo lolote.

Ncha za sentimita 5 ni fupi kutunga sindanoni na bado ukapata nafasi ya kushona. Fundi alifanya kinyume: alipitisha kwanza sindano tupu kwenye njia anayoitaka, chini ya vituta vya nyuma, akiacha tundu la sindano limechungulia karibu na ncha ya uzi; kisha akautunga uzi hapo, na kuivuta sindano yote ikapita. Ncha mbili za zamani zilikuwa zinakutana kwenye vile vitanzi vinane, kwa hiyo moja aliipandisha mstari mmoja juu na nyingine akaishusha mstari mmoja chini, zisirundikane. Ncha ndefu za uzi mpya zilikwenda nje, kila moja vitanzi vitano hivi kwa kufuata mawimbi ya vituta, kisha zikageuka kurudi vitanzi viwili au vitatu, safari ya kurudi zikichoma katikati ya nyuzi zilizosokotwa. Kwa sufu isingekuwa na haja ya kugeuka, maana uzi wake una mashiko. Akriliki ikienda njia moja tu hurudi taratibu na kuchungulia nje baada ya kufuliwa mara chache.

Kufuata mawimbi kuna sababu nyingine. Ncha iliyopitishwa moja kwa moja kama uzi wa kushonea hainyumbuliki, na mtoto anapovaa sweta kichwani kifua kinavutwa sana. Aliingiza mkono ndani, akapanua vidole na kulitazama sweta dhidi ya dirisha. Kwenye mwanga huo dosari zote zinajisema: tundu linapitisha mwanga, na mahali palipolundikana uzi panakuwa na kivuli. Palikuwa na kivuli chepesi sana mahali ncha zilipofichwa, na mbele hapakuonekana kitu.

Sasa kuhusu lile la mwanzo. Alipokutana na fundo mkononi, angefanya nini?

Ushauri unaosambaa zaidi miongoni mwa wafumaji ni kuunga kwa mate: unachambua ncha zote mbili, unapunguza nusu ya nyuzi kila upande, unazilaza moja juu ya nyingine, unalowesha na kusugua kwenye viganja kwa nguvu mpaka ziwe uzi mmoja. Kwa sufu halisi hakuna kiungo bora kuliko hiki. Unyweleo wa sufu una magamba madogo, na unyevu, joto na msuguano huyafanya yang'ang'aniane yasiachane tena. Lakini uzi mwingi tunaouziwa madukani kwetu ni akriliki, ambao unyuzi wake hauna magamba. Utausugua mpaka viganja viwake moto na ukivuta utaachana kama vile hukufanya kitu. Huna hakika uzi wako ni wa nini? Choma kipande kidogo juu ya kitu kisichoshika moto. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole; akriliki inayeyuka na kuacha kijipu kigumu cheusi. Hata jaribio hilo lina mpaka wake, kwa sababu sufu iliyotengenezwa ili ifuliwe kwa mashine inaungua vilevile ilhali magamba yake yamepunguzwa au kufunikwa, na haiungi kwa mate. Jaribio la kuamini ni kuunga vipande viwili na kuvivuta.

Njia ya pili ni kuurudisha uzi ndani yake wenyewe. Ncha mbili zinapishanishwa kama pete mbili zilizoshikana, kisha kila ncha inatungwa sindanoni na kurudishwa katikati ya nyuzi zake zenyewe kwa sentimita 7 hivi. Inafaa kwa akriliki iliyosokotwa, na inashika barabara. Kasoro yake ni kwamba kwa sentimita 14 uzi unakuwa na unene maradufu, na kwa sweta hili hiyo ni kama vitanzi kumi vinene mfululizo kwenye kifua laini. Unaweza kuipunguza kwa kukata nyuzi mbili kati ya nne kwenye sehemu ile inayorudi. Hapo unene unakaribia kulingana, ingawa kazi inakuwa ndefu. Mimi njia hii naiweka kwa skafu na mablanketi ya mtoto, yaani vitu vinavyotazamwa pande zote mbili na havina nyuma pa kufichia ncha, tena vyenye ufumaji wa matuta ambao unene kidogo haujionyeshi.

Ya tatu ni kufuma vitanzi vinne au vitano kwa nyuzi mbili pamoja, wa zamani na mpya, kisha kuuacha wa zamani. Ni ya haraka na haifunguki. Kwenye uzi mwembamba inapita. Kwenye uzi wa unene huu vile vitanzi vinne vinasimama nje kidogo, na raundi inayofuata kuna mtego: kila kitanzi kitakuwa na nyuzi mbili sindanoni, na usipokuwa mwangalifu utavihesabu kuwa vitanzi viwili, ukamaliza raundi una 154 badala ya 150.

Kwa kifua laini cha akriliki, jibu ni kutounga kabisa. Kata fundo lililokuja na bonge. Acha ncha ya sentimita 15 ya uzi wa zamani ikining'inia nyuma, anza kitanzi kinachofuata kwa uzi mpya ukiacha ncha nyingine ya urefu huo, na endelea. Vitanzi viwili vya mpakani vitaonekana vibaya sana, vimelegea na kupanuka, na hapo ndipo mkono wa fundi asiyezoea unapotamani kufunga fundo. Zishike ncha mbili kwa kidole cha kati kwa vitanzi vitatu vinne vya kwanza, halafu ziache. Ukishafuma raundi tano au sita, vuta kila ncha taratibu mpaka vitanzi vilingane, kisha zipishanishe na kuzificha nyuma kwa namna ileile iliyotengenezea sweta hili. Usizikate karibu na kitambaa siku hiyo. Acha nusu sentimita au zaidi, fua, kausha, livute sweta pande zote, ndipo ukate. Uzi unapofuliwa mara ya kwanza unajipanga upya, na ncha iliyokatwa mapema itaingia ndani kisha itokee mbele.

Palikuwa pia na swali la mahali. Fundo lilitokea kwenye kitanzi cha 38 kuhesabu kutoka ubavuni. Angeweza kurudi nyuma kitanzi kwa kitanzi hadi ubavu, kukata hapo, na kiungo kikakaa chini ya kwapa pasipotazamwa na mtu. Vitanzi 38 ni dakika chache za kurudisha, na uzi unaobaki, kama sentimita 55, haupotei: unatosha kufunga kwapa. Kwa sweta la mviringo ningefanya hivyo hata kama najua kuunga vizuri. Kwa skafu ningekataa, kwa sababu ukingo wa skafu ndio unaovutwa na kushikwa kila siku, na ncha zilizofichwa ukingoni hulegea kabla ya zile za katikati. Ukiona bonge linakaribia kwisha na hutaki kiungo katikati, pima uzi uliobaki dhidi ya upana wa kazi. Mstari mmoja wa ufumaji wa kawaida unakula karibu mara tatu ya upana wake. Ukiwa na chini ya mara nne, usianze mstari mwingine. Fundo la kiwandani haliheshimu hesabu hiyo, kwa hiyo acha uzi upite kati ya kidole gumba na cha shahada kabla haujafika sindanoni. Vidole vitalikuta mapema, na utakuwa bado na nafasi ya kuchagua.

Kwa wanaofuma vitambaa vya makochi kwa kroshia mambo ni tofauti kidogo, na ni mepesi zaidi. Usibadilishe uzi kati ya kitanzi na kitanzi. Badilisha ndani ya kitanzi. Fuma nguzo mpaka ubaki na vitanzi viwili kwenye kroshia, uache uzi wa zamani, na uvute uzi mpya kupita vitanzi hivyo viwili. Zilaze ncha zote mbili juu ya mstari wa chini na uzifunike ndani ya nguzo sita au nane zinazofuata. Kinachoponza watu ni maua yenye nafasi wazi. Uzi wa pamba mweupe uliofichwa ndani ya minyororo ya neti unaonekana kama uchafu, basi ukiona uzi unakaribia kwisha, ubadilishe ungali kwenye sehemu iliyojaa nguzo.

Mama yule alilichukua sweta jioni ileile. Fundi alimwomba alirudishe baada ya kulifua mara ya kwanza, ili amkatie ncha nne alizoziacha kidogo nyuma. Lilipoletwa, mbili kati yake zilikuwa zimechungulia milimita kadhaa, kwa upande wa ndani tu. Alizikata sawa na kitambaa.